Njoo na Kanga, Njoo na Nepi Namba Tatu

Kadi huingia kwenye simu usiku, na mara nyingi inavutia macho: maputo ya waridi, ndege mwenye miguu mirefu aliyebeba kifurushi mdomoni, maandishi ya rangi ya dhahabu. Inasema: "Unakaribishwa kwenye bebi shawa ya mpendwa wetu. Jumamosi, saa 2:00. Vazi ni pinki na nyeupe. Usisahau zawadi." Baada ya muda mfupi kundi la WhatsApp limejaa maswali. Ni saa mbili asubuhi au saa nane mchana? Jumamosi hii au ijayo? Wapi? Pinki maana yake mtoto ni wa kike? Wanaume waje? Na ule mchango tuliotoa wiki iliyopita si ndiyo zawadi yenyewe? Aliyetuma kadi anakesha akijibu mmoja mmoja, na bado yupo shangazi ambaye hakuona jibu, atakayepiga hodi saa mbili asubuhi ametinga gauni la pinki.

Kadi ya namna hiyo imeandikwa mapema mno. Aliyeiandika alianza na rangi za maputo kabla kamati haijakaa na kuamua mambo ambayo kadi inapaswa kuyatangaza.

Shughuli hii yenyewe ni ngeni kiasi. Sura yake ya leo, yenye marafiki, michezo na lundo la zawadi, ilishamiri Marekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wakati watoto walipozaliwa kwa wingi na maduka yakajaa bidhaa zao. Huko kulikuwa na adabu moja iliyosisitizwa sana: mama mzazi, dada au mkwe wa mjamzito hawakupaswa kuandaa shughuli hiyo, kwa sababu ingeonekana familia inajiombea zawadi. Kazi ikabaki mikononi mwa marafiki. Dar es Salaam na Nairobi zimeipokea desturi hii pamoja na hicho kipengele cha marafiki, kisha zikaitia viungo vyao: kamati yenye mweka hazina, pilau, kumtunza mhusika kwa noti huku ngoma inalia, na watu wazima wa kutoa nasaha kama ilivyo kwenye kicheni pati.

Ila si kila nyumba inaipokea kwa moyo mweupe. Katika familia nyingi za pwani, na za bara pia, mtoto hasherehekewi kabla hajalia. Nguo hununuliwa kimyakimya, na furaha husubiri arobaini, pale mama anapomaliza siku zake za kukaa ndani. Wengine wanahofia kijicho, wengine wanakumbuka msiba uliowahi kuikuta nyumba hiyo baada ya vitu vyote kuwa tayari. Kwa hiyo swali la kwanza la kamati linamhusu mama kijacho mwenyewe: je, anataka? Hilo ndilo tatizo la bebi shawa za kushtukiza, ambazo zimependwa mno siku hizi. Mume anashirikishwa siri, mjamzito anadanganywa kwamba anakwenda kula chakula cha mchana, anafungua mlango na kukuta watu thelathini wanapiga kelele. Wapo wanaolia kwa furaha. Wapo pia wanaolia kwa sababu miguu imevimba, hawajasuka, na mama mkwe wao alishasema mambo hayo hayataki. Rafiki anayesisitiza kushtukiza aache angalau siku iwe siri, lakini ridhaa ya shughuli aipate mapema.

Sasa ichukuliwe kamati moja ya kufikirika, ya marafiki 9 waliosoma pamoja na sasa wanaishi Dar es Salaam. Mmoja wa marafiki zao ana mimba ya kwanza. Amekubali kufanyiwa shughuli, mradi iwe ndogo na isiwe ya kuchosha. Kamati inataka kutuma kadi kwa watu 30.

Tarehe inaanzia kwenye kadi ya kliniki. Humo mna tarehe ya makadirio ya kujifungua, ambayo mhudumu huipata kwa kuchukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kuongeza siku 7, kisha kuongeza miezi 9. Ikiwa siku hiyo ilikuwa 3 Machi, makadirio yanakuwa 10 Desemba. Hapo ndipo wiki ya 40. Kuanzia hapo kamati inahesabu kurudi nyuma. Wiki ya 37 inaangukia 19 Novemba, na mtoto anayezaliwa kabla ya wiki hiyo huhesabiwa njiti. Shughuli ikiwekwa Novemba, kuna uwezekano wa kweli kwamba siku hiyo mhusika atakuwa wodini. Kwa upande mwingine, mwezi wa tano ni mapema mno: tumbo halijaonekana vizuri, na wasiwasi wa miezi ya mwanzo haujatulia. Ndiyo maana wengi huchagua kati ya wiki ya 28 na ya 34, ambapo mama bado anaweza kukaa saa tatu kwenye kiti bila mateso. Kwa kamati hii, hicho ni kipindi cha kati ya 17 Septemba na 29 Oktoba. Kama angekuwa na mapacha wangesogeza mbele zaidi, kwa sababu mapacha huwahi.

Ndani ya wiki hizo sita, mambo mawili ya Dar yanapunguza chaguo. Kwanza ni mshahara. Kuomba watu zawadi katikati ya mwezi ni kuwaomba visingizio, hivyo mwanzo wa Oktoba unapata kura nyingi. Pili ni mvua za vuli, ambazo huweza kuanza mwezi huohuo. Kadiri shughuli inavyowahi, ndivyo uwezekano wa kukaa nje unavyokuwa mkubwa. Jumamosi, 3 Oktoba inakaribia kupitishwa, mpaka mmoja anakumbusha kwamba wifi wa mama kijacho ni Msabato, na Jumamosi mpaka jua lizame hatoki kwenye ibada. Kumwacha wifi nje ya shughuli ya mtoto wa kaka yake ni kununua ugomvi kwa jumla. Inaamuliwa Jumapili, 4 Oktoba, mchana, ili wanaokwenda kanisani asubuhi nao wapate nafasi.

Saa nayo ina mtego wake. Programu za simu zinazotengeneza kadi zimepangwa kwa saa za Kizungu, hivyo mtu akichagua saa nane mchana inaandikika 2:00. Msomaji wa Kiswahili akiona 2:00 anasoma saa mbili. Dawa ni kufuta tarakimu ya programu na kuandika kwa mkono wako: saa 8:00 mchana. Halafu kuna ule uchelewaji wetu unaojulikana, ambao kamati nyingi hujaribu kuukwepa kwa kudanganya saa moja mbele. Wageni wameshaujua mchezo huo, nao huongeza saa moja yao. Kinachosaidia zaidi ni kuandika saa mbili tofauti zenye maana: wageni wafike saa 8:00, mama kijacho anaingia saa 9:00. Mtu mzima mwenye aibu zake hapendi kukutwa njiani wakati mhusika ameshaketi. Na saa ya kufunga iandikwe pia, saa 12:00 jioni, kwa sababu ya mjamzito na kwa sababu kesho yake ni Jumatatu.

Mahali hakuhitaji maneno mengi, isipokuwa kamati ikumbuke inamwandalia nani. Ukumbi wa ghorofa ya tatu usio na lifti haufai hata kama mapambo yake ni ya bure. Mwanamke wa wiki ya 30 huenda msalani mara kwa mara, kwa hiyo choo kiwe karibu na kiwe cha kukalia. Anahitaji kiti chenye egemeo, kigoda cha kuinulia miguu, kivuli, na feni isiyotegemea bahati ya umeme. Moshi wa nyama choma uwe upande ambao upepo unaupeleka kwa majirani. Kamati yetu inaamua kutumia uwanja wa nyumba ya mmoja wao Tabata, chini ya turubai la kukodi. Kwenye kadi haitoshi kuandika "Tabata". Panahitajika kituo cha daladala cha kushukia, alama inayoonekana kutoka barabarani, na ramani ya simu kwa wenye magari.

Zawadi ndiyo sehemu ambayo kadi nyingi hushindwa kabisa, na sababu ni haya. Kuwaambia watu walete nini huonekana kama uroho, basi watu wanaachwa wajikunie. Matokeo yake hayabadiliki: nguo nyingi za kichanga, pampasi nyingi za saizi ndogo kabisa, na mabeseni matano ya rangi moja.

Hesabu ya nepi inaonyesha hasara hiyo vizuri. Mtoto mchanga hutumia nepi kati ya 8 na 12 kwa siku. Zikichukuliwa 10, mwezi mmoja unakula 300. Pakiti huandikwa namba kulingana na uzito. Namba 1 kwa kawaida ni ya kilo 2 hadi 5, namba 2 ni ya kilo 3 hadi 6, na namba 3 huanzia kama kilo 4 hadi 9, ingawa watengenezaji hutofautiana kidogo. Mtoto aliyezaliwa na kilo 3 huongezeka gramu 25 hadi 30 kwa siku katika miezi ya mwanzo, kwa hiyo akifikisha miezi miwili anakaribia kilo 5, na namba 1 inaanza kumbana mapajani. Wageni 30 wakileta kila mmoja pakiti ya nepi 40 za namba 1, nyumba itakuwa na nepi 1,200, yaani za miezi minne, kwa ajili ya mtoto atakayezivaa miwili. Nusu nzima itaishia kwa jirani.

Kamati inatatua hilo kwa mchezo. Wao wenyewe wananunua namba 1 za mwezi wa kwanza kutoka kwenye mchango wao. Wageni wanagawanywa kwa mwezi wa kuzaliwa: waliozaliwa kati ya Januari na Aprili walete namba 2, kati ya Mei na Agosti namba 3, kati ya Septemba na Desemba namba 4. Hakuna anayehisi amepangiwa kwa kuangaliwa mfuko wake, na mama anapata nepi zinazokua pamoja na mtoto. Anayependelea nepi za kitambaa ataelewa hesabu ileile kwa namna nyingine: mama anayefua kila siku huhitaji kama dazeni mbili, ziada ya hapo inakaa kabatini.

Nguo zinafuata kanuni ya kalenda. Mtoto wa Desemba Dar es Salaam anazaliwa kwenye joto kali. Sweta nene la miezi 0 hadi 3, hata liwe na masikio ya sungura, litakaa kabatini mpaka lisimwenee. Mtoto huyohuyo atakuwa na miezi sita Juni, wakati wa kipupwe, na hapo ndipo sweta jepesi la miezi 6 hadi 9 litashukuriwa. Kama familia ingekuwa Njombe au Limuru, jibu lingekuwa jingine kabisa, kwa sababu huko asubuhi za Juni na Julai hazina mzaha. Mgeni anayetaka kununua nguo ajiulize mtoto atakuwa na umri gani msimu utakapobadilika, kisha aongeze saizi moja.

Viko vitu ambavyo ni heri vibaki dukani, na rafiki mwenye busara anaweza kulisema hilo kwa mdomo bila kuliandika kwenye kadi. Kigari cha kumfundishia mtoto kutembea ni kimojawapo. Kanada ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka 2004, kwa sababu kinampa mtoto wa miezi minane mwendo wa kufika kwenye ngazi au jiko la mkaa kabla mama hajageuka, na wala hakimwahishi kutembea. Mito ya kichanga na zile pindo nene za kuzungushia kitanda zinapendeza kwenye picha, lakini madaktari wa watoto wanashauri kitanda cha mtoto mchanga kiwe na godoro gumu kiasi na shuka iliyobana tu, maana hawezi kugeuza uso wake akizibwa pua. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2022 ya kuzuia uuzaji wa pindo hizo. Poda nayo imezoeleka mno hapa kwetu, ila vumbi lake huingia mapafuni, na ngozi ya mtoto haina haja nayo. Makopo ya maziwa ya unga ni zawadi ya kutatanisha zaidi: ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, na kumpa kopo mama ambaye hajaanza kunyonyesha ni kama kumwambia hutaweza. Akiyahitaji baadaye kwa sababu ya kiafya, mhudumu atamwelekeza.

Vitu vyenye faida ya haraka havina mvuto wa dukani. Hospitali nyingi humtaka mama aje na begi lake la kujifungulia: kanga safi, beseni, pedi za uzazi, pamba, mpira wa kutandika, nguo za mtoto za kuanzia. Kila kituo kina orodha yake, na orodha hiyo mama kijacho anayo, hivyo marafiki wawili watatu wakimwomba waipige picha, wanaweza kumaliza begi lote kabla ya Oktoba kwisha. Chandarua kisichokosa dawa ni zawadi nyingine ya maana katika jiji lenye mbu. Na kwa asiye na fedha iko zawadi ya zamu. Mzazi wa pwani akiwa ndani siku arobaini huhitaji mtu wa kumchemshia maji ya kukandwa, kumpikia uji wa pilipili manga, kumfulia. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mama na mashangazi waliokuwa jirani. Kwa mke kijana anayeishi kwenye nyumba ya kupanga huku ndugu wako Tanga, rafiki anayeandika kwenye karatasi "Alhamisi zote nne za kwanza napika mimi" ameleta kitu kikubwa kuliko pakiti tatu za nepi.

Tofauti ya mchango na zawadi ikae wazi. Katika mfano huu, wanakamati 9 wanatoa shilingi 50,000 kila mmoja, jumla 450,000, kwa ajili ya turubai, viti, vinywaji, keki, nepi za namba 1, na kilo 6 za mchele wa pilau, kwa kipimo cha watu 7 kwa kilo. Wageni wengine hawadaiwi mchango. Mahali ambapo kamati huwadai wageni mchango, kisha zawadi, kisha sare, watu huanza kuumwa ghafla Ijumaa.

Na sare ndiyo inayotupeleka kwenye vazi, kipengele kinachotakiwa kiwe cha utani lakini mara nyingi hugeuka mzigo. Kununua kitenge kimoja kwa watu 30 kunataka wiki nyingi za fundi, na fundi wa Oktoba ana harusi zake. Rangi ya pinki au bluu inatangaza jinsia ambayo pengine wazazi hawajataka ijulikane, au kipimo kimeisoma vibaya. Utamaduni wa kufichua jinsia kwa mbwembwe ulipata umaarufu kupitia keki moja iliyokatwa Marekani mwaka 2008, na tangu hapo umepanda kutoka keki kwenda baruti. Septemba 2020, kifaa cha moshi kilichowashwa kwenye shughuli ya namna hiyo California kilianzisha moto wa El Dorado uliochoma maelfu ya hekta na kumuua mzimamoto. Keki na maputo havina neno. Ila kama jinsia ni siri, basi rangi ya vazi isiitoe.

Zipo bebi shawa ambazo wageni huambiwa waje na matumbo ya mito, au wavae kama watoto wenye bibu shingoni. Kicheko kinakuwepo, na mwenye tumbo la kweli mara nyingi hucheka kuliko wote. Tahadhari ni moja: kati ya wageni 30 huenda yupo anayelitafuta tumbo hilo kwa miaka, au aliyelipoteza mwaka jana bila kumwambia mtu. Mto tumboni kwake si utani.

Kamati ya Tabata inaangukia kwenye kanga. Kila mwanamke anayo kabatini, haihitaji fundi, na ina jina, yale maneno yaliyoandikwa juu ya pindo la chini. Kanuni wanazoweka ni tatu. Vaa kanga ambayo jina lake linamfaa mama anayetarajia, mathalani "Nani kama mama" au "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo". Pili, kwa kuwa kanga huuzwa doti, yaani vipande viwili, njooni wawiliwawili mkiwa mmegawana doti moja. Aliyevaa nusu yako ndiye mwenzako kwenye michezo yote. Hapo wifi anaweza kupangwa na rafiki wa chuo asiyemjua, na kufika jioni wameshapatana. Tatu, wanaume watakaokuja wabebe mdoli mgongoni kwa mbeleko ya kanga, na atakayemwangusha anaosha vyombo. Asiyetimiza vazi anatozwa faini ya pakiti moja ya nepi, namba aichague mama kijacho.

Kuna hatari moja ambayo mwanamke yeyote wa pwani ataiona mara moja. Kanga ni uwanja wa mafumbo. Ukiwaambia watu 30 wachague jina, yupo atakayemchagulia jirani yake. Kwa hiyo kadi inaweka mstari wa kuzuia.

Baada ya maamuzi yote hayo, kuandika kadi yenyewe kunachukua muda mfupi, na maneno yake yanatoka hivi:

"Mama kijacho wetu ameubeba mzigo miezi saba. Sasa ni zamu yetu kushika upande wa pili.

Siku: Jumapili, 4 Oktoba.

Muda: Fika saa 8:00 mchana. Yeye anaingia saa 9:00 alasiri. Saa 12:00 jioni tunafunga, akalale.

Mahali: Tabata, uwanjani kwa rafiki yetu. Shuka kituoni, fuata njia ya msikitini mpaka geti la kijani lenye maputo. Ramani iko chini ya kadi hii.

Vazi: Kanga yenye jina la kumtia moyo. Gawana doti na mwenzako, mje wawili. Akina baba wabebe mdoli mgongoni. Vijembe viachwe nyumbani. Faini ya asiyevaa: nepi.

Zawadi: Mtoto tunamkuza kwa namba. Umezaliwa Januari hadi Aprili, leta nepi namba 2. Mei hadi Agosti, namba 3. Septemba hadi Desemba, namba 4. Ukipenda, badala yake toa zamu ya kupika au kufua katika arobaini. Karatasi za kuandikia zipo mlangoni. Mchango hatukudai. Ukija mikono mitupu, bado kiti chako kipo.

Jibu: Tuambie kama unakuja kabla ya 20 Septemba, kwa namba ya mweka hazina, ili pilau likutoshe."

Kadi inatumwa mwanzoni mwa Septemba, mwezi mmoja kabla. Ikitumwa mapema zaidi watu wanasahau, ikichelewa wanakuwa wameshaahidi harusi nyingine. Shangazi na mama mkwe hawatumiwi picha tu. Mmoja wa kamati anawapigia simu, anawaamkia, anawasomea, maana mtu mzima akialikwa kwa kundi la WhatsApp anahesabu hakualikwa. Marafiki wawili ambao kamati inajua wanapitia machungu ya uzazi wanapelekewa ujumbe wao peke yao, wenye nafasi ya kukataa bila kueleza sababu. Wanaokaa kimya wanaulizwa mara moja tu, siku moja kabla ya 20 Septemba. Wiki ya mwisho unatumwa ukumbusho mfupi wenye siku, saa na geti la kijani.

Linabaki jambo ambalo kadi haisemi, lakini kamati inalikubaliana mapema na mume: itakuwaje mtoto akiwahi, au daktari akimlaza mama kabla ya siku. Turubai linafutwa hata kama malipo ya awali yatapotea. Mweka hazina anawaandikia wageni kwamba shughuli imeahirishwa, bila kutaja sababu ya hospitali, kwa kuwa habari hiyo ni ya familia kuitoa. Mchele unarudi stoo. Nepi zilizokwisha kununuliwa zinahifadhiwa kwa mmoja wa wanakamati zikiwa na risiti zake, zisipelekwe nyumbani kwa wazazi mpaka wenyewe waziulizie. Zile karatasi za zamu za kupika zinaanza kutumika siku hiyohiyo, kwa kuwa mgonjwa na anayemuuguza wote wanakula.